Karatasi ya Jumla ya Malipo

Nilikuwa karani wa mizani katika kampuni ya kigeni iliyonunua kahawa Bukoba, miaka ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa na mazishi. Kaka yangu alirudi mzima kutoka vitani Uganda, akaoa, akazaa watoto watatu, kisha ugonjwa ule ukamchukua yeye na mkewe katika mwaka mmoja. Watoto walikaa kwa baba yetu, kijijini Kishanda. Mshahara wangu ndio uliowalisha sukari na kuwanunulia sare za shule.

Siku moja tulipewa bahasha kutoka makao makuu, huko ng'ambo. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu ya Kiingereza. Juu kabisa palikuwa na neno "reward", nililolijua kwa maana ya zawadi, kama anayopewa mtoto aliyeshika namba moja darasani. Chini yake mistari: mshahara, posho ya nyumba, matibabu, pensheni, bima ya maisha, bonasi. Mwisho kabisa, kwa wino mzito, jumla.

Niliisoma mara tatu. Jumla ile ilizidi mshahara wangu wa mwaka karibu kwa nusu yake. Hela hizo nyingine sikuwahi kuziona. Nilijiuliza kama zinakuja, au zilikwisha kuja zikaliwa na mtu njiani.

Jumamosi nikaipeleka Kishanda. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, na Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko changu. Alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akanigeukia.

"Hizi zote unapata wewe?"

"Sijui, Tata."

"Hujui? Karatasi ina jina lako."

"Ina jina langu, lakini mkononi napokea mshahara tu."

Alikunja karatasi, akanirudishia. "Watoto wa marehemu wanalala kwenye mkeka mmoja," alisema. Sikuwa nimemficha kitu, lakini nilijisikia mwizi.

Jumatatu nilikwenda kwa mhasibu, mama mtu mzima ambaye hakupenda kusumbuliwa asubuhi. Alinionyesha kiti.

"Hii si hati ya mshahara," alisema. "Inakwambia kampuni inatumia kiasi gani kwa ajili yako kwa mwaka mzima. Hakuna hela mpya hapa."

"Na bonasi?"

"Ulilipwa baada ya msimu uliopita. Umesahau?"

Kweli, nilikuwa nimelipwa. Ndiyo iliyonunua sanda na mbao za jeneza la shemeji yangu.

Pensheni, alieleza, ni mchango wa kampuni unaoingia kwenye mfuko juu ya ule ninaokatwa mimi. Siwezi kuugusa kwa sasa. Matibabu ni ada ambayo kampuni inalipa, niugue nisiugue. Nikamuuliza kama watoto wa kaka wanaweza kutibiwa kwa ada hiyo.

"Mke wako na watoto wako wa kuwazaa. Wa kaka, mpaka uwe na karatasi ya mahakama kuwa wewe ndiye mlezi."

Bima ya maisha ilinichanganya zaidi. Kwenye jumla waliweka ada ndogo tu, lakini pembeni waliandika kwamba nikifa wakiwa bado wameniajiri, watalipa mishahara ya miaka miwili. Chini ya hapo palikuwa na jina la mtu wa kulipwa. Mhasibu alilisoma kwa sauti, akauliza, "Huyu ni nani wako?"

Lilikuwa jina la kaka yangu. Nililiandika siku nilipoajiriwa, nikiwa sina mke, na mpaka siku ile nilikuwa bado sina. Ningekufa wiki ile, hela zingemtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa.

"Alifariki," nilisema.

Mama yule alivua miwani. "Pole, mwanangu." Akafungua droo, akanipa fomu. Niliwaandika watoto watatu, na kwa kuwa walikuwa wadogo, Baba akawa mpokeaji kwa niaba yao.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Baba yote, mstari kwa mstari. Alielewa pensheni, kwa kuwa yake mwenyewe ilimtesa miaka miwili kabla ya kulipwa. Nilipofika kwenye bima alinikatiza.

"Kwa hiyo hela ile kubwa ni ya ukifa."

"Ndiyo, Tata."

"Basi iache huko huko."

Halafu akauliza tena zile nyingine ziko wapi, nami nikaanza upya.

Mahakamani Muleba nilikwenda mara nne kabla ya kupata ile karatasi ya ulezi. Binti mdogo wa kaka alitibiwa malaria kwayo mara moja, kisha kampuni ikafunga ofisi na kuondoka. Mfuko wa pensheni ulinilipa baadaye, michango yangu na ya kampuni pamoja, nikanunua vitanda vitatu. Baba aliniuliza kama sasa hiyo ndiyo jumla yenyewe. Nilimwambia hapana, ni sehemu tu. Akatikisa kichwa, akaenda kuvishika vitanda kuona kama ni imara.