Mpishi wa Mikate Aliyetumwa Kumkagua Mshindani

Wafanyabiashara walimpa jina la Bibi Afya, kwa kuwa alikuwa mkaguzi wa vyakula wa halmashauri ya mji. Akiingia mlangoni, wenye hoteli walivaa aproni haraka haraka kama wanafunzi waliofumaniwa. Lakini jioni na mwisho wa wiki alikuwa mtu mwingine. Kwenye chumba cha uani, yeye na wifi yake walioka mikate na kuwauzia watu wa mtaa wao.

Haikuwa biashara ya kujificha. Kabla hajawasha oveni mara ya kwanza aliomba kibali kwa mwajiri, akakipata kwa masharti: asioke saa za kazi, mkaguzi wa eneo jingine ndiye akague oveni yake, na hali ikibadilika atoe taarifa mara moja.

Hali ikabadilika. Mkaguzi wa kata ya pili alistaafu, na kata hiyo akapewa yeye. Ndani yake kulikuwa na kiwanda cha mikate cha Mzee Tanuri, mtu aliyegombania naye wateja wale wale.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo. "Mkuu, kile kiwanda siwezi kukikagua. Nikimpitisha, watasema namwogopa. Nikimfungia, watasema nataka wateja wake."

"Dada yangu, watu hawatoshi," mkuu alijibu huku akipekua mafaili. "Nenda ukague kwa haki. Nani asiyekujua wewe?"

Alitoka bila kuridhika. Hata hivyo akashika njia ya kiwandani. Alipofika, Mzee Tanuri alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

"Karibu, mshindani!" alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Umekuja kunifungia ili uuze peke yako?"

Vijana waliokuwa wakipakia mikate wakacheka. Bibi Afya alikuwa na jibu mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshapita bega la mzee. Magunia ya unga yalilala sakafuni, yakiegemea ukuta, na moja lilikuwa limetafunwa pembeni. Chini yake kulikuwa na kinyesi cha panya.

Akasimama pale pale. Akiingia, amekosea. Akiondoka na kunyamaza, watu watakula ule unga.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema hatimaye. "Mimi siingii. Atakuja mwenzangu."

Alirudi ofisini karibu anakimbia. Safari hii hakuomba kwa mdomo. Aliandika kwamba anajitoa katika ukaguzi ule kwa sababu ya mgongano wa maslahi, akaeleza alichokiona akiwa mlangoni, akaomba atumwe mtu asiyehusika. Mkuu alisoma, akavuta pumzi, akamtuma mkaguzi wa kata ya jirani mchana ule ule. Huyo alijionea mwenyewe, akakifunga kiwanda mpaka kisafishwe na magunia yawekwe juu ya vichanja.

Mtaani hakuna aliyeuliza nani alifunga. "Amemtuma mwenzake," walisema. Maneno yalifika hadi kisimani, yakarudi nyumbani yakiwa yamenenepa.

Kisha simu ikaita. Meneja wa hoteli aliyekuwa akinunua kwa Mzee Tanuri alitaka mikate ya kila siku.

"Chukua!" mumewe alisema. "Hukuiba, hukumfungia wewe. Kibali si unacho?"

"Ninacho."

"Sasa?"

"Sasa nikichukua, wale wanaosema watakuwa wamesema kweli."

"Kaka, mwache," wifi aliingilia, akikanda kwa hasira, ingawa haikujulikana hasira ile ni ya nani. Oda ikakataliwa. Jioni ile Bibi Afya aliinuka mara kadhaa kufunga mlango uliokuwa umeshafungwa.

Mzee Tanuri alisafisha, akafunguliwa, akapeleka malalamiko. Kamati ya maadili ilimwita yeye na Bibi Afya. Ikaona kwamba Bibi Afya alitangaza biashara yake mapema na alijitoa, hana kosa. Mkuu ndiye aliyeonywa kwa kumtuma baada ya kuelezwa. Lakini mwenyekiti akamgeukia Bibi Afya: "Mama, kata ile huwezi kuendelea nayo, na mtu wa kubadilishana nawe hayupo. Ama uache mikate, ama uache ukaguzi wa vyakula."

Alikuwa ameipenda kazi ile ya ukaguzi kwa ujana wake wote. Lakini alibaki na mikate, akahamia kitengo cha maji.

Siku hizi hupima klorini kwenye matangi na mabomba, kazi isiyo na aproni za kuvaliwa haraka. Kule mlangoni pa kiwanda Mzee Tanuri aliwahi kumwita mshindani. Juzi, walipokutana sokoni, alimwita mama, akamuuliza hamira nzuri siku hizi inapatikana wapi. Bibi Afya alimwelekeza duka, kisha akatembea hatua chache, akajiuliza kama mzee alikuwa anauliza tu, au anamchunguza mshindani wake. Hakugeuka kumwangalia. Alibana mfuko wake kwapani, akaongeza mwendo.