Boti Iliyouzwa na Mtiririko wa Fedha

Ofisi ya wenye boti pale Bangwe, Kigoma, dirisha lake linatazama ziwa, na mimi niliketi nimeligeuzia mgongo makusudi. Nikilitazama, kazi hainiendei. Kaskazini huko, ukishapita Gombe, iko Mwamgongo, na Mwamgongo yupo mama yangu, ambaye sijamtia machoni tangu kampuni hii niliyokuja kuikagua iuze boti yake kubwa. Mitumbwi ya injini mama hapandi tena. Wimbi liliwahi kuujaza mmoja akiwa ndani, akaapa. Mimi nami Kigoma naletwa na ndege kikazi, na ndege inanirudisha Dar kabla sijapumua. Nilimkumbuka mama.

Mkurugenzi, mjane aliyeachiwa kampuni na marehemu mumewe, alikuwa anaomba mkopo wa boti mpya ya kwenda vijiji vya kaskazini. Benki ilitaka jambo moja: taarifa ya mtiririko wa fedha, iliyokaguliwa, ionyeshe kwamba shughuli za uendeshaji, yaani nauli na mizigo, zinaingiza fedha nyingi kuliko zinavyokula. Taarifa aliyoniletea mhasibu wake ilionyesha hivyo, na vizuri sana. Nikafurahi kijinga. Nilishamwona mama akishuka gatini na kikapu chake.

Jumla nayo ilifunga. Ongezeko la fedha kwa mwaka lililingana na tofauti ya salio la mwanzo na la mwisho kwenye mizania, na barua ya benki ilikubali. Mkaguzi mvivu angefunga faili akaenda kula samaki wake wa mgebuka. Lakini jumla kufunga hakusemi kitu kuhusu nini kimewekwa wapi. Nikachukua mizania, nikaanza kufuata mali za kudumu: za mwanzo wa mwaka, ongeza zilizonunuliwa, toa uchakavu. Jibu likazidi lililoandikwa mwishoni, tena kwa mbali. Kuna kitu kilitoka, na kitu chenyewe ni ile boti kubwa. Nikarudi kwenye taarifa ya mtiririko, fungu la shughuli za uwekezaji, ambako mauzo ya mali kama hiyo hukaa, nikakuta peupe.

Mhasibu alikuwa mzee wa Ujiji, mpole, anayeniita mwanangu. Nilimpa shikamoo yake asubuhi, sasa nikamuuliza mauzo ya boti ameyaweka wapi. Hakuficha. Akanionyesha: faida iliyopatikana kwa kuiuza ameiacha ndani ya faida ya mwaka, na thamani yake iliyobaki vitabuni ameirudisha papo hapo, kwenye marekebisho ya uendeshaji. Kwa hiyo bei yote ya boti ilikuwa imekaa pamoja na nauli.

"Mwanangu, sisi kazi yetu ni boti," alisema. "Sasa kuuza boti si shughuli ya kazi?"

Laiti angekuwa mwizi, ningemkasirikia nikapona. Nikamwambia, kwa sauti kali kuliko alivyostahili, kwamba wao wanauza safari, hawauzi maboti. Mwenye duka la boti angeandika hivyo, wao hapana. Ile faida pamoja na ile thamani ya vitabuni zitolewe kwenye uendeshaji, na fedha yote iliyopokelewa iende uwekezaji. Akapiga hesabu upya, taratibu, mimi nikizunguka meza. Jumla haikusogea hata shilingi. Ila uendeshaji ulishuka, ukapita sifuri, ukawa hasi. Kampuni ilikuwa inaishi kwa kuila boti yake.

Tukampelekea mkurugenzi. Alisoma, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba fedha ni ile ile, sasa mimi kusogeza mstari mmoja kunanipa faida gani. Nikamjibu kwamba benki inataka kujua nauli zitalipa mkopo au la, na hazitalipa. Akiacha ilivyokuwa, ripoti yangu itasema taarifa ina kosa kubwa.

"Wewe si wa huko huko kaskazini? Hawa watu wa kwenu watapanda nini?" akaniuliza.

Nilitamani aninyang'anye kalamu anifukuze, mambo yaishe. Mkurugenzi akatazama picha ya mumewe ukutani, akasaini taarifa iliyosahihishwa.

Nikatoka kwenda gatini, nikampigia mama. Mwakeye, mwakeye, tukasalimiana Kiha chetu, akaanza mbio mbio kabla salio langu halijaisha: kijiji kizima kinasema boti kubwa inarudi, mwenye kampuni keshaenda benki. Je, huko mjini nimesikia lolote?

Mambo ya mteja hayasemwi nje, hata kwa mama. Nikasema sijasikia.

"Basi utaniona," akasema. "Nimeshafua kitenge cha safari, nimekianika."