Kesi ya Chumba cha Sala

Mwalimu Tryphena Wakio alitufundisha Historia na Serikali katika shule moja ya bweni nje kidogo ya Voi. Alizaliwa milimani, upande wa Wundanyi, na baba yake alikuwa mkalimani wa mahakama. Mzee yule alisimama kati ya hakimu na watu wa vijijini, akitafsiri Kidawida kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kidawida, na siku za likizo alimwacha binti yake akae benchi la nyuma asikilize. Tryphena alitamani kuwa wakili. Nafasi aliyopata ni ya chuo cha ualimu, akaishika. Ila sheria haikumtoka. Alipotufundisha katiba alifunga kitabu, akaeleza kifungu kama mtu anayesimulia habari za jirani yake.

Nilikuwa Kidato cha Nne mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, mwaka wa ule mzozo.

Nyuma ya maktaba palikuwa na chumba kidogo ambacho mwalimu mkuu wa zamani aliwapa wanafunzi Waislamu wasalie. Hakuna kilichoandikwa; aliwapa tu ufunguo. Mwalimu mkuu mpya, Bwana Silvanus, alikipata chumba hicho siku chache baada ya shule kupewa cherehani za msaada. Kilikuwa na mlango wa chuma na madirisha ya nondo. Akaweka cherehani ndani, akatia kufuli. Hakuita mtu kumweleza.

Wenzetu wakaanza kusali nyuma ya tangi la maji, juani, kwenye ule mchanga mwekundu. Wiki ya pili wasichana fulani wakapita wakicheka. Kesho yake wanafunzi Waislamu wote waliacha chakula cha jioni mezani wakatoka. Ubao wa darasa letu ukaandikwa kwamba shule ni ya kanisa na asiyetaka aende kwao. Mwaka ule shule nyingi zilikuwa zimegoma, na Bwana Silvanus alianza kutembea bwenini usiku na tochi.

Mwalimu Wakio alienda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa pale nikipanga madaftari, nikasikia.

"Siku ya wazazi inakuja," alisema. "Mwaka huu tusifanye mchezo wa kuigiza wa kawaida. Nipe Kidato cha Nne, tufanye kesi."

"Unataka kuniweka kizimbani mbele ya wazazi?"

"Si wewe, mwalimu. Shule ya kubuni, mkuu wa kubuni. Lakini jambo liwe ni hili hili. Wanalisema kila mahali, ila hakuna mahali wanaposikilizana."

Bwana Silvanus alisema ataisoma hati kwanza. Aliisoma, akairudisha na alama moja tu ya kalamu nyekundu, aliposahihisha tahajia.

Hati yenyewe ilichapwa kwa stensili, na ilikuwa tofauti na mchezo wowote tuliowahi kushika. Hatukupewa maneno ya kukariri. Kila shahidi alipewa taarifa yake ya ukurasa mmoja, inayoeleza anachojua na asichokijua. Mawakili walipewa taarifa zote, pamoja na kifungu cha sabini na nane cha katiba, kinacholinda uhuru wa mtu kuabudu, peke yake au pamoja na wengine. Maswali walitakiwa kuyatunga wenyewe. Shahidi akiulizwa jambo lisilo kwenye taarifa yake, angeweza kujibu kwa akili yake, mradi asipingane na kilichoandikwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kimoja, "Hukumu", na chini yake palikuwa patupu.

"Hukumu iko wapi, mwalimu?" tukauliza.

"Sijui. Kesi haijasikilizwa."

Akatufundisha mpangilio. Walalamikaji, yaani wanafunzi wa kubuni, wangeanza, kwa sababu anayedai ndiye anayethibitisha. Walitakiwa kuonyesha kwamba kweli wamezuiwa kuabudu. Wakishaonyesha hilo, mzigo ungehamia kwa Bodi ya Magavana, inayoisimamia shule: ionyeshe kwamba kizuizi kile kilihitajika kwa sababu inayokubalika kisheria, kama vile usalama, utaratibu, au haki za watu wengine. Tena hii si kesi ya jinai, alisema, kwa hiyo jaji haulizi kama ana shaka hata kidogo. Anauliza upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Kisha akagawa nafasi, na hapo darasa likaguna. Wakili wa wanafunzi Waislamu alikuwa Elijah, mwenyekiti wa Umoja wa Wakristo. Wakili wa Bodi alikuwa Fuad, ambaye baba yake, Mzee Bwanaheri, ana duka la vitambaa karibu na msikiti wa Voi. Jaji alikuwa Valentine, msichana mkimya wa kutoka milimani. Donald alikuwa mwalimu mkuu wa kubuni, na Mwanamina alikuwa shahidi wa kwanza wa wanafunzi. Mimi, Susan, nilikuwa karani wa mahakama.

Fuad alibaki darasani baada ya kipindi. "Mwalimu, siwezi. Baba atakuwa ameketi pale mbele, nami natetea kufuli."

"Hutetei kufuli. Unatetea mtu anayeendesha shule yenye vyumba vichache. Mtafutie sababu zake nzuri kabisa. Ukishindwa kuziona, hutajua kamwe kwa nini unamkasirikia."

Mazoezi ya kwanza yalikwama kwa Mwanamina. Taarifa yake ilisema wanafunzi walihitaji chumba mara tano kwa siku. Aliisoma, akaiweka chini.

"Samahani, mwalimu. Hivi sivyo. Alfajiri, magharibi na isha tunasali bwenini. Ijumaa wavulana hupewa ruhusa ya kwenda msikitini mjini. Chumba tunakihitaji adhuhuri, na alasiri tukiwa bado darasani. Na kitu kingine. Humu nimeandikiwa niape kwa msahafu. Mimi siwezi kuapa kwa msahafu kwa maneno ya mchezo."

Elijah akasema naye asingeshika Biblia kwa ajili hiyo.

Wapo walimu ambao wangesema, soma ulichopewa. Mwalimu Wakio alichukua kalamu akakata sentensi ile pale pale. Jumamosi akashuka mjini hadi nyumbani kwa kina Mwanamina, akaketi jikoni na mama yake akiuliza: udhu unachukuliwaje, swala moja huchukua muda gani, pahali panatakiwa kuwaje. Jumatatu tulipata taarifa mpya. Kuhusu kiapo, alisema sheria inamruhusu asiyetaka kuapa atoe uthibitisho, na ahadi hiyo ina uzito ule ule. Mashahidi wote wakathibitisha.

Akaigeukia pia taarifa ya Bodi, kwa kuwa Fuad alilalamika kwamba amepewa hoja chache. Akaongeza kwamba shule ya kubuni iliwahi kuibiwa, kwamba chumba hicho ndicho pekee chenye mlango wa chuma, na kwamba Wasabato nao walikuwa wameomba chumba. "Kesi yenye upande mmoja dhaifu," alituambia, "haimfundishi mtu chochote."

Siku ya wazazi jumba la kulia lilijaa. Valentine alivaa joho la kwaya na wigi tulilomsukia kwa nyuzi za katani kutoka mashamba ya mkonge. Watu walicheka alipoingia. Nikatangaza, "Mahakama, simameni," na wazazi wakasimama kweli, na kicheko kikaisha.

Mwanamina alitoa ushahidi wake kwa upole, katika Kiswahili cha kwao. Fuad akainuka kumhoji. Nilimwona Mzee Bwanaheri akikunja mikono.

"Shahidi, kuna aliyekukataza kusali?"

"Hapana."

"Unasali nyuma ya tangi, na sala yako inasihi, yaani ni sahihi?"

"Inasihi, pakiwa safi."

"Basi ulichopoteza si sala. Ni chumba."

"Nilichopoteza ni utulivu, wakili. Mtu anayechekwa akiwa amesujudu anasali, lakini hasali kama wenzake wanavyosali kanisani."

Fuad alimtazama, akasema hana swali zaidi, akaketi. Alikuwa amepewa jibu linalomwumiza mteja wake, na alijua kumhoji zaidi ni kulirudia.

Donald alipopanda kizimbani, Fuad alimwongoza vizuri: wizi, mlango wa chuma, maombi ya Wasabato. Ilisikika kuwa na maana, na wazazi wengi walitikisa vichwa kukubali. Kisha Elijah akasimama.

"Cherehani zinatumika wakati gani?"

"Vipindi vya asubuhi."

"Na adhuhuri?"

"Chumba kimefungwa."

"Mwanafunzi angekuja kuomba ufunguo kwa robo saa, akiwa na mwalimu wa zamu, cherehani zingeibiwa?"

Fuad akasimama. "Pingamizi, Mheshimiwa Jaji. Shahidi anaulizwa abuni jambo ambalo halikutokea."

Valentine aliandika kitu. "Anaulizwa kuhusu usalama, na usalama ndio utetezi wa Bodi. Pingamizi limekataliwa. Jibu, shahidi."

Jibu halikuwa kwenye taarifa ya Donald. Akashika ukingo wa kizimba. "Nadhani zisingeibiwa," alisema. "Ukweli ni kwamba sikulifikiria. Sikumwuliza mtu."

Bwana Silvanus, mstari wa mbele, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Wakati wazazi wakinywa chai, Valentine alijifungia maktabani. Mwalimu Wakio alikaa nje ya mlango ili asiingie mtu, yeye mwenyewe pia. Valentine aliporudi alisoma polepole. Alisema katiba inamlinda mtu katika kuabudu, lakini haimpi kikundi chochote chumba cha shule kiwe chake peke yake, kwa hiyo ombi la walalamikaji la kupewa chumba kiwe chao analikataa. Alisema Bodi ina mamlaka ya kulinda mali. Lakini kizuizi kisizidi haja yake, na kufunga mlango siku nzima, bila kuwasikiliza waliokuwa wakiutumia, kumezidi haja. Akaamuru chumba kifunguliwe adhuhuri na alasiri, ufunguo ukae kwa mwalimu wa zamu, na kikundi chochote cha dini kiweze kuomba muda wake. Kila upande ujilipie gharama.

Hakuna aliyeshangilia. Kila upande ulikuwa umepata na ukakosa. Mzee Bwanaheri alimwendea mwanawe, akamshika bega, akamwambia, "Umenisumbua sana leo," na nilivyomwona alikuwa akimjivunia.

Bwana Silvanus hakufungua chumba siku ile. Alilipeleka jambo kwa bodi ya kweli, na kuna waliopinga. Wazee wa kanisa mfadhili walimwita Mwalimu Wakio, mwimbaji wao wa kwaya, wakamwuliza yuko upande gani. Aliwajibu kwamba aliandika pande zote mbili, na akawaomba waisome hati. Muhula uliofuata cherehani zilivikwa vitambaa, zikasogezwa ukutani, na adhuhuri mlango ukawa wazi. Bado wapo walionung'unika. Lakini hakuna aliyeandika tena ubaoni, na Elijah na Fuad walisoma pamoja hadi mtihani wa mwisho.

Baadaye Mwalimu Wakio alihamishiwa upande wa Taveta, karibu na Mata. Nilimtembelea huko kabla ya muongo kwisha, nikamkuta akirudufu hati nyingine, kesi ya maji ya mfereji kati ya wakulima wawili. Nikamwuliza kama hajuti kwamba hakuwa wakili.

"Wakili hupewa upande mmoja," alisema, akanisogezea rundo la karatasi. "Hebu nisaidie kubana hizi. Watoto wanaingia sasa hivi."