Kumuaga Rafiki Bila Kumshtaki

Siku ambayo mama yangu alifunga juzuu yake kabla hatujamaliza mstari mmoja, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu atanisamehe kwa kusema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa sekondari hapa Lindi, nikiishi na mama katika nyumba ya kupanga kule Mitwero. Mama alikulia Rondo, kwenye mihogo na mikorosho, akazijua sala zake zote kwa moyo bila kuijua hata herufi moja. Alipofiwa na baba aliniomba jambo moja tu: nimfundishe kusoma Kurani kwa macho yake mwenyewe, kabla macho hayajamchoka. Daktari alikwisha kumwambia kwamba jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia liko njiani. Tukakubaliana kusoma kila siku baada ya sala ya alasiri.

Saa hiyo hiyo ndiyo aliyoipenda rafiki yangu Seifu.

Seifu alikuwa fundi cherehani. Tulikua pamoja Kilwa Kivinje na tukahamia Lindi mwaka mmoja. Hakuwa mtu mbaya, na nakuomba ulishike hilo tangu mwanzo. Ila alikuwa na maneno, na maneno yale yote yalimhusu yeye: ugomvi wake na kaka zake, mteja aliyemnunia, jirani aliyemtazama vibaya. Angefika mlangoni na kupiga hodi huku keshaingia.

“Shikamoo, mama. Mwalimu, leo nimekuja na kubwa.”

“Marahaba,” mama angeitikia. “Kubwa kuliko la jana?”

“La jana lilikuwa dogo, mama. Lile nilikuwa natia maji tu, kunyoa ni leo.”

Mama angecheka, kwa kuwa Seifu alikuwa mcheshi kwelikweli, kisha angeifunga juzuu na kwenda jikoni. Jua lingezama Seifu bado yuko katikati ya habari. Akiondoka nilijiona kama nguo iliyokamuliwa: sina hamu ya chakula, sina hamu ya kusahihisha madaftari. Katika miaka ile yote sikumbuki kama aliwahi kuniuliza habari yangu akangoja jibu. Siku niliyomwambia kwamba macho ya mama yanafifia, alisema, “Afadhali macho, Mwalimu. Mimi hili goti!” Tukazungumzia goti mpaka magharibi.

Siku ile niliyoitaja, mama aliifunga juzuu kabla hata Seifu hajabisha; alikwisha kusikia ndara zake njiani. Akaniambia kwa upole, “Mwezi mzima nipo kwenye herufi ya kafu, baba. Nakhofu nitakufa nikiwa kwenye kafu.”

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Nilijaribu kwanza njia iliyo ya haki, nayo ni kumwambia mtu mpaka wako kabla ya kumfungia mlango. Nilimwomba Seifu aje siku za Ijumaa tu, kwa kuwa siku nyingine nina darasa na mama. Alikubali kwa moyo mweupe. Jumatatu akaja. “Nimepita kukuambia,” alisema huku akivua ndara, “kwamba Ijumaa hii sitaweza.” Nilimkumbusha mara mbili zaidi, na mara mbili akacheka.

Nikaingia kwenye uongo. Nilimwomba mama aseme kwamba nimekwenda Milola. Seifu akasema si neno, atanisubiri. Mwanangu, mimi mwalimu mzima nilikaa chooni uani muda wote ambao rafiki yangu alikunywa vikombe viwili vya chai, na mama kwa makusudi alimwongezea cha tatu. Seifu alipoondoka nikatoka, na mama akaniuliza habari za Milola.

Ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtu wa huku kwetu tu. Nilikwenda kwa Bi Somoe, mtani wetu wa ukoo. Unajua utani wetu ulivyo: mtani husema msibani lile ambalo ndugu hathubutu kulisema, na hakuna wa kumkasirikia. Nikafikiri kwa ujanja wa kitoto kwamba neno zito likipita mdomoni mwa mtani litafika bila kumuumiza mtu, na lawama haitanirudia mimi. Nilimwomba amfikishie Seifu kwamba nimechoka na kwamba urafiki wetu uishie hapo.

Bi Somoe alilifikisha. Alilifikisha kwenye harusi ya mtaani, mbele ya watu, akiwa amesimama juu ya kiti.

“Seifu! Mwenzio Mwalimu kanituma! Kakuacha! Talaka zako tatu hizi hapa, kusanya vyombo urudi kwenu!”

Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Seifu. Kesho yake alikuja na fungu la samaki na binamu zake wawili, ili nao wamsikie akinisimulia jinsi nilivyomwacha.

Jioni ile mama hakucheka. “Neno la kweli umelitia katika mchezo,” aliniambia, “na yeye kalipokea kama mchezo. Ana kosa gani? Wewe mtu mzima una mdomo, una kalamu, na umejificha nyuma ya Somoe kama ulivyojificha chooni. Akija kujua kwamba ulikuwa unasema kweli, watu wote wa harusini watakuwa wamejua kabla yake. Mwambie mwenyewe, na umwambie yeye peke yake.”

Nilimuuliza kama dini haikatazi, kwani tumefundishwa kwamba Mwislamu hamnunii nduguye zaidi ya siku tatu. Akanijibu kwamba kununa ni kumnyima mtu salamu, na hakuna aliyeniambia nimnyime. Usuhuba wa kila siku ni jambo jingine, na huo mtu hadaiwi. Aliniuliza pia, kwa haki, kama Seifu ni mgonjwa au hana mwingine wa kumtazama. Maana mtu aliye hatarini hutafutiwa msaada kwanza, haagwi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mke, na kaka watatu aliogombana nao kwa zamu.

Basi nikaandika. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na sitakuficha kwamba niliionea fahari. Nilipanga makosa ya Seifu kwa mfuatano wa miaka, na kila kosa nikaliwekea ushahidi. Mama, kwa kuwa hakuweza kuisoma, aliniamuru niisome kwa sauti, naye akakaa mkekani kana kwamba yeye ndiye Seifu. Nilipofika kwenye habari ya goti alininyanyulia mkono.

“Hilo akilisoma, afanye nini?”

“Ajue alivyonikosea.”

“Akishajua?”

Nikaigeuza karatasi, kana kwamba jibu nimeliandika nyuma yake.

“Atakujibu,” mama alisema. “Kwa kila kosa ana maelezo yake, na ya kwako pia anayo, uliyomkosea usiyoyajua. Hapo utakuwa umemaliza au umeanza?”

Tulikata kurasa tatu kwa pumzi moja. Kisha nikasoma pale nilipoandika kwamba siku hizi nina kazi nyingi. “Kazi zikipungua atakuja,” mama alisema, “tena atakuja na hongera.” Nikalifuta. Nilikuwa nimeandika pia kwamba huenda mbele ya safari tukarudiana. Aliniuliza kama nilimaanisha. Nikasema sikumaanisha, ila limekaa vizuri. “Basi utamweka mtu mlangoni miaka kumi kwa neno lililokaa vizuri.” Nikalifuta na hilo. Kila palipoanza na “wewe” alinitaka nitazame kama panaweza kuanza na “mimi”. Na hapo niligundua kwamba sehemu kubwa ya kosa ni yangu, kwani ni mimi niliyemzoeza kwamba kwangu hakuna saa ya kufunga.

Tuliiacha barua siku tatu, hasira ipoe. Siku ya nne niliisoma tena, nikaona inasema kweli na haichomi. Nakunukulia yote, kwani sikuwahi kuandika kitu kifupi kilichonigharimu jasho jingi hivyo:

“Ndugu yangu Seifu, asalaam alaykum. Baba alipofariki ulisafiri nami mpaka Kivinje, ukateka maji ya wageni siku zote za matanga bila kuombwa. Wema ule nitaukumbuka maisha yangu yote. Ninalokuandikia leo nimelifikiri kwa muda mrefu. Nguvu zangu hazitoshi kuuendeleza usuhuba wetu kama tulivyouzoea, na nimeamua kwamba kutembeleana kwetu na mazungumzo yetu ya kila siku yaishie hapa. Nilipaswa kukueleza mwenyewe mapema, badala ya kumtuma Bi Somoe. Kwa hilo naomba radhi. Tukikutana msikitini au msibani, salamu yangu kwako ni ile ile. Hulazimiki kunijibu. Nakuombea afya, riziki na watu wema wa kukaa nao. Nduguyo.”

Niliifunga kwenye bahasha na kumpelekea asubuhi kibandani kwake, kabla wateja hawajafika. Nilimwomba aisome akiwa peke yake, nikaondoka. Nililia kidogo njiani, kwa kuwa miaka ishirini ni miaka ishirini hata ikichosha.

Baada ya wiki mbili alinitumia neno: “Mwalimu umekuwa mkubwa, hutaki tena watu wadogo.” Majibu manane mazuri yalinijia. Niliandika moja tu: “Nimekusikia, ndugu yangu, na kama nimekuumiza, naomba radhi. Uamuzi wangu ni ule ule.” Jibu la pili halikuwapo. Waliponiuliza majirani, nilisema Seifu ni mtu mwema na hatukugombana, nikabadilisha mazungumzo. Msikitini nilianza mimi salamu. Miezi ya mwanzo aliitikia kama anayetema mbegu ya ndimu. Baadaye akaitikia vizuri.

Mama aliivuka kafu wiki ile ile niliyopeleka barua. Aliimaliza juzuu kabla ya mwezi wa Ramadhani, na siku ya kuhitimu alipika ubwabwa akawalisha majirani wote, akiwasomea kwa nguvu hata wale waliotaka kula kwanza.

Na Seifu? Alipata sahibu mwingine, fundi wa viatu wa kibanda cha pili, mwenye maneno kama yeye. Nimewaona mara nyingi: wanasema wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikia mwenzake, na sijapata kuona watu wawili wenye furaha kama ile. Hatukurudiana kuwa marafiki. Tuliendelea kuwa watu wanaotakiana heri, na hilo lilitutosha sote wawili.

Sasa sikiliza nasaha yangu, wewe mwenye simu inayotuma neno kabla hujalifikiri. Ukiona urafiki unakukausha, sema kwanza mpaka wako waziwazi na umpe mwenzio nafasi ya kuusikia. Mpaka huo usipofaa, muage, usimkwepe mwaka mzima, usimtume mtu, usimwandikie mbele ya kundi. Taja jema moja la kweli alilokutendea, sema uamuzi wako kwa maneno ambayo hayawezi kusomwa vinginevyo, kiri kosa lako, na yake muachie mwenyewe. Usiahidi usilolikusudia. Lilaze neno lako siku kadhaa, kisha lisome kwa sauti kana kwamba umeandikiwa wewe. Akikasirika, ana haki. Jibu mara moja kwa upole, na usirudi kwenye hoja. Salamu usimnyime kamwe.

Mola akupe marafiki wanaokuuliza hali na kungoja jibu, akujaalie nawe uwe rafiki wa namna hiyo kwa wenzio, na kila utakayeachana naye njiani akukumbuke kwa heri. Amin.