Kioo Kilichobinuka na Daftari la Majibu

Miaka ile maduka ya Songea yalipoanza kujaa vitu tena, vitabu navyo vilikuja katika marobota ya mitumba, vimebanwa kati ya makoti. Pale Msamala nilinunua kimoja cha fizikia, hakina jalada. Nilikuwa karani wa ghala la tumbaku, umri wa darasani umenipita, nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nyumbani nilikuwa na kitabu kingine cha zamani nilichoachiwa na mwalimu aliyehama. Nikaona nina utajiri: vitabu viwili.

Nilijibu maswali yote ya mawimbi, lenzi na vioo yaliyomo katika mitihani ya miaka iliyopita, nikayaandika kwa wino katika daftari kubwa, swali juu, jibu chini. Nililipenda daftari lile kupita kiasi.

Mwenzangu katika kusoma alikuwa mhudumu wa wodi aliyeishi Ruhuwiko. Alitaka kwenda kusomea utengenezaji wa miwani. Barua ya chuo ilimtaka awe amefaulu fizikia, na kwa umri wake huo ndio ulikuwa mwaka wa mwisho wa kupokelewa. Kila Jumamosi alasiri alikuja Bombambili kwangu. Jua lilipenya tundu la msumari kwenye bati na kuchora duara sakafuni, likatembea taratibu kuelekea miguu yetu. Tulilitazama kama watu wanaosikiliza redio ya mbali. Siku moja tuliweka kipande cha kioo ndani ya beseni la maji, maji yakabaki membamba juu yake, naye akagusa uso wa maji kwa kidole. Mawimbi yalipofika kwenye kina kifupi yalipunguza mwendo na kusogeleana. Au tulidhani tunayaona yakisogeleana. Idadi ya mawimbi kwa sekunde haibadiliki, nilimwambia. Kinachopungua ni urefu wa wimbi. Akasema basi ni kama watu wanaoingia kanisani mlango ukiwa mwembamba, nami nikamwambia mfano huo asiuandike kwenye mtihani.

Wiki tatu kabla ya mtihani alileta karatasi yenye mchoro. Swali lilikuwa la kioo kilichobinuka, cha aina ya kile cha pembeni mwa lori: urefu wa fokasi sentimita kumi na tano, kitu kiko sentimita thelathini mbele yake. Daftari langu lilisema taswira iko sentimita thelathini, mbele ya kioo.

"Nimechora mara tatu, kaka," alisema. "Penseli inasema nyuma ya kioo, sentimita kumi. Wewe unasema mbele, thelathini. Nimwamini nani, wewe au penseli?"

Nilimwambia rula yake imepinda. Akanipa rula yangu mwenyewe.

Nikachora, sentimita moja badala ya tano. Mwale ulio sambamba na mhimili uliakisiwa kana kwamba umetoka kwenye fokasi, nyuma ya kioo. Mwale ulioelekea kitovu cha mviringo ulirudi ulikotoka. Nilipoirefusha kwa nukta nukta, ilikutana nyuma ya kioo, sentimita mbili kamili za karatasi. Kumi.

Duara la jua lilikuwa limepanda ukutani. Kisha nikafungua vitabu vyote viwili, kimoja kando ya kingine, nikaona nilichofanya. Kitabu cha zamani kilihesabu umbali wa kitu au taswira halisi kuwa chanya, na wa taswira isiyo halisi kuwa hasi. Fokasi ya kioo kile kwake ni hasi kumi na tano. Kitabu cha mtumba kilipima kila umbali kutoka kwenye kioo kwa kufuata mwelekeo wa mwanga. Kwake fokasi ni chanya, lakini umbali wa kitu ni hasi. Mimi nilichukua fokasi ya kimoja na umbali wa kitu wa kingine. Kila kitabu peke yake kilitoa kumi nyuma ya kioo. Wawili wale niliwaozesha mimi.

"Ni mangapi mengine?" aliuliza.

Sikujua, na ndivyo nilivyomjibu. Alikuwa amekariri nusu ya daftari.

Hakunilaumu. Alinitania tu kwamba mwalimu asiyefundishwa na mtu hana wa kumsingizia. Tukachagua kitabu cha zamani, tukaanza swali la kwanza: mchoro kwanza, ishara zikaandikwa pembeni, ndipo hesabu. Jibu likigombana na mchoro, hatukusonga mbele.

Katika mtihani ilikuja lenzi mbinuko ya fokasi ishirini, kitu kikiwa sentimita kumi na mbili. Nilipotoka nilimkuta uwanjani, jua limeshapanda.

"Hasi thelathini," alisema kabla sijamsalimia. "Upande uleule wa kitu, imesimama, kubwa mara mbili na nusu. Nilichora kwanza."

Matokeo yalipobandikwa, alikuwa amefaulu fizikia, na alama yake ilizidi yangu kwa daraja moja. Nilirudi kusoma mstari wa jina lake mara mbili, kwa furaha iliyonifanya nisahau kutafuta alama zangu za masomo mengine.