Damu ya Mama na Chai Yake

Mama alipoanza kuhema akienda jikoni, majirani wa mtaa wetu wa Hai Mauna waliniambia ni uzee tu. Zahanati ilisema damu imepungua, ikampa vidonge vya madini ya chuma. Damu haikupanda.

Daktari wa pili alimwona akichechemea, akamuuliza, "Mama, magoti unayatuliza kwa dawa gani?" Mama akaonyesha dawa za maumivu anazomeza kila siku. Vipimo vilionyesha zimemtia vidonda tumboni, damu inavuja kidogo kidogo. Figo nazo, ambazo huusaidia mwili kutengeneza damu, zilikuwa zimedhoofika.

"Sababu ni ipi sasa?" nikauliza kwa ukali.

"Zote. Na chai anayomezea vidonge inazuia chuma. Uzee haumo."

Dawa za magoti zilisimamishwa. Asubuhi iliyofuata nikamkuta akimeza vidonge vya chuma kwa chai.

"Mama!"

"Daktari alikataza dawa za magoti tu, mwanangu."