Nanihii ya Mishahara

Kifaransa nilikianza kwa sababu ya asali. Mimi na mama tunauza asali sokoni hapa Tabora, na siku moja walipita wazungu wawili wakinukia mafuta ya jua, wakaonja, wakafumba macho, wakaanza kusifia kwa lugha ambayo sikuambulia hata herufi. Niliwatazama midomo kama mtu anayetazama taarabu nje ya ukumbi. Jioni hiyo nikamwambia mama nataka kuwa muongozaji wa wageni, niwatembeze kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Kwihara mpaka Ujiji, nikiwasimulia kwa lugha yao.

Mama akasema, "Kwanza funika ndoo, nyuki wanaingia."

Mwalimu nilimpata kwenye baraza la ukumbi wa parokia. Ni mama mtu mzima kutoka Burundi, amestaafu, na sote tunamwita Madamu. Tulikuwa wachache. Niliyemzoea zaidi ni kaka mmoja fundi simu, mtu wa utani, ambaye alidai anasoma Kifaransa ili awatukane wateja wasilipize.

Madamu alitusomesha kwa habari za magazeti kutoka kwenye simu, anazichapisha stationery. Kamusi alizipiga marufuku. "Kwenye njia mgeni hatakusubiri ufungue kurasa," alisema. Kwanza tutazame kichwa cha habari na picha, tuseme tunategemea kukuta nini. Halafu tusome aya ya kwanza tukitafuta nani, nini, wapi, lini. Maneno yenye herufi kubwa katikati ya sentensi tusihangaike nayo, mara nyingi ni majina ya watu au miji. Na neno tusilolijua?

"Liite nanihii," alisema Madamu, "usonge mbele."

Tulicheka, lakini ndivyo tulivyosoma. Nanihii imefunga mlango. Nanihii wamepigiwa simu. Ukifika mwisho unarudi kwa zile nanihii moja moja, unauliza: majirani zake wanasema nini? Ukipata jibu, unaliingiza kwenye sentensi, unasoma tena, unasikiliza kama linakaa.

Siku moja alileta habari ya nyuki. Nilifurahi kama nimeletewa ya nyumbani. Neno *abeilles* nilishalijua, ni nyuki, nililiomba siku ya kwanza kabisa. Habari ilisema *essaim* limefunga mlango wa duka, na *pompiers*, watu wa zimamoto, wakamwita *apiculteur*, naye akawatia nyuki kwenye sanduku akaondoka nao. Nikanyoosha mkono kabla wenzangu hawajamaliza kichwa cha habari. Nikaeleza vizuri kabisa: kundi la nyuki limetua dukani, akaitwa mrina asali, akawasha moshi, akarina, watu wakagawana.

Madamu akavua miwani. "Moshi uko mstari gani?"

Nikatafuta. Hakuna.

"Na asali?"

Hakuna pia. Fundi simu akadakia, "Madamu, huyu kaila mwenyewe njiani."

"Kundi umepatia, mtu wa nyuki umepatia," Madamu akasema. "Mpaka hapo ulikuwa unasoma gazeti. Baada ya hapo ukaenda kwenu. Nyumbani kukusaidie kukisia, mwanangu, lakini gazeti ndilo likubali. Ukikisia, nionyeshe mstari."

Tangu siku hiyo wakaniita Mrina Moshi.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Arusha, muongozaji mzoefu. Alikuwa na kundi la Wafaransa linakuja kufuata njia ya misafara, akataka mwenyeji mmoja wa kumsaidia na kujifunza kazi. Mmoja tu. Madamu alipeleka jina langu, na mimi usiku ule sikulala vizuri. Mama akaniambia nageukageuka kama chapati.

Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stesheni. Nilimsalimia shikamoo, akaniambia, "Marahaba, lakini usinizeeshe," akaagiza chai. Halafu akatoa karatasi. "Hii habari nimeitoa leo. Najua kuna maneno huyajui, ndiyo maana nimeichagua. Wageni hawaongei maneno ya darasani. Soma, uniambie inasema nini, na umejuaje."

Kichwa cha habari: *Grève des cheminots : aucun train mardi.*

Picha ilikuwa ya stesheni tupu. *Train* nalijua, *mardi* ni Jumanne, *aucun* ni hakuna hata moja. Hakuna treni Jumanne. *Cheminots* sikuwahi kuliona, lakini ndani yake nikaliona *chemin*, njia, na njia ya chuma ndiyo reli kwao. Basi watu wa reli. Ikabaki *grève*.

Jamani, mimi ni mtoto wa Tabora. Treni isipokuja sababu naijua tangu nikiwa mgongoni: mvua imekula tuta huko mbele, abiria wamelala stesheni na kuku zao. Nikafungua mdomo, mafuriko yakiwa yameshafika kwenye ulimi.

Nionyeshe mstari.

Nikafunga mdomo. Nikatafuta maji kwenye karatasi yote. Hakuna mvua, hakuna mto. Kulikuwa na *salaires*, linalofanana na neno la Kiingereza la mishahara. Kulikuwa na *négocier*, nalo likinikonyeza vilevile: kujadiliana. Na mwishoni ahadi kwamba *mercredi*, Jumatano, watu *wata-reprendre* kazi. *Prendre* ni kuchukua, na *re* huwa ni kurudia. Wataichukua tena kazi. Kumbe waliiacha wenyewe!

"Mgomo," nikasema. "Wafanyakazi wa reli wamegoma. Nilitaka kusema mafuriko, ila humu hakuna tone la maji."

Dada akatabasamu ndani ya kikombe. "Endelea."

"Wanadai nanihii ya mishahara."

Nikajisikia nikilisema. Uso ukanichoma.

"Nanihii gani?"

Neno lilikuwa *hausse*. Nikalitazama, nikatazama majirani zake. "Nyongeza," nikasema. "Maana sijaona mtu anayegoma ili apunguziwe."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sosa, na mhudumu akaja na kitambaa akidhani pamevunjika kitu. Nami nikacheka, sijui kwa furaha au kwa woga. Halafu dada akakunja karatasi, akanitazama miguu, akauliza, "Una viatu vya kutembelea mbali?" Nikamjibu ninavyo. Akasema, "Vivae vizoee mguu." Akalipia chai, akaondoka.

Nilikimbia hadi barazani. Madamu na fundi simu walikuwepo.

"Enhe, Mrina Moshi! Umepata?" fundi akauliza.

"Sijui! Hakusema nimepata wala sijapata."

"Basi umekosa. Pole, mdogo wangu. Rudi kwenye ndoo."

Madamu hakumjali. "Alisema nini? Neno kwa neno."

Nikamwambia habari ya viatu. Madamu akasubiri, kama anavyosubiri tukifika mwisho wa aya.

Nikaanza polepole. "Angekuwa hanitaki, asingejali viatu."

"Mstari?"

"'Vivae vizoee mguu.' Viatu vinazoeshwa kwa safari ya mbele, Madamu, si kwa kurudi nyumbani." Moyo ukaanza kupiga ngoma. "Madamu, nimepata!"

"Liingize kwenye sentensi, usome tena."

"Nimepata!"

"Linakaa," akasema Madamu, akanikumbatia. Fundi simu alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi, anazipima nyayo zangu kwa kiganja, akiniuliza kama hivyo viatu ninavyo kweli au navyo ni moshi.